Picha za Jumamosi zinapoandikwa Jumapili: kurekebisha tarehe za kamera iliyosetiwa kwa saa za nchi nyingine

Swali hili naletewa karibu kila mwezi, na mara nyingi linaanza hivi: "Sherehe ilikuwa Jumamosi, mbona nusu ya picha kompyuta inasema ni za Jumapili?" Anayeuliza huwa amenunua kamera ya mtumba, au amepelekewa na ndugu aliye nje, na hakuwahi kufungua menyu ya saa. Nimechoka kuandika jibu lilelile kwenye simu kipande kipande, kwa hiyo naliweka hapa lote, kwa mfano wa kazi moja niliyoifanya mwenyewe.

Kazi hiyo ilikuwa harusi ya Tanga, Jumamosi ya tarehe 14 Juni 2025. Binamu yangu alipiga picha kwa kamera ya mtumba iliyotoka Japani, na dada zake wakapiga kwa simu. Tulipozikusanya zote kwenye folda moja na kuzipanga kwa tarehe ili tutengeneze albamu, nikaha ya msikitini, iliyofungwa baada ya Alasiri, ilijitokeza baada ya wali wa ukumbini. Bibi harusi alikuwa anakula keki kabla hajaolewa. Picha za simu zilikuwa sawa. Za kamera ndizo zilizokuwa mbele kwa saa sita na ushei.

Kabla ya hatua zenyewe, elewa jambo moja tu. Kamera inapopiga picha huandika ndani ya faili tarehe na saa kama maandishi matupu, mfano `2025:06:15 01:40:50`. Haiandiki kuwa hiyo ni saa ya Tanga au ya Tokyo. Inanakili kilichopo kwenye saa yake, basi. Utaratibu huo wa kuandika, unaoitwa Exif, haukuwa na nafasi rasmi ya kuweka tofauti ya saa ya eneo mpaka toleo la 2.31 lilipotoka mwaka 2016. Kamera za kabla ya hapo haziijazi, na hata baadhi ya zilizofuata huiacha wazi. Kompyuta ikisoma maandishi hayo inayaamini kama yalivyo.

Japani iko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa sita kamili. Kwa hiyo ikifika saa kumi na mbili jioni kwetu, Tokyo imeshafika saa sita ya usiku na tarehe imegeuka. Kila picha iliyopigwa baada ya hapo inaandikwa siku ya pili. Wazee wa pwani wanaohesabu siku tangu magharibi wangeona ni sawa, huo ni usiku wa kuamkia Jumapili. Lakini albamu haipangwi hivyo.

Na saa sita hizo zina mtego wetu sisi Waswahili peke yetu. Kamera yenye saa ya Japani, ukiitazama saa nane mchana, inaonyesha 8:00. Ukiitazama saa tatu asubuhi, inaonyesha 3:00. Mtu anaisoma kwa Kiswahili, anaona iko sawasawa na saa yake ya mkononi, anairudisha mfukoni. Binamu yangu aliniapia kuwa aliangalia saa kabla ya kwenda msikitini, na ninamwamini. Asichokiona ni herufi ndogo za PM pembeni, maana 8:00 PM kwa namna ya kamera ni saa mbili usiku.

Unachohitaji

- Kamera yenyewe, ikiwa na saa ileile mbovu. Usiiguse bado.
- Simu inayojipangia saa yake kwa mtandao, na iwe inaonyesha sekunde.
- Kompyuta yenye programu ya ExifTool. Ni ya bure, na ipo ya Windows, Mac na Linux. Ukiipakua ya Windows utakuta faili lake linaitwa `exiftool(-k).exe`; libadilishe jina liwe `exiftool.exe`, la sivyo amri zilizo hapa hazitafanya kazi.
- Diski ya nje au flashi yenye nafasi ya kubeba nakala ya picha zote.
- Picha zenyewe jinsi zilivyotoka kwenye kadi. Zilizopita WhatsApp kama picha za kawaida hazifai, maana zikipita huko tarehe ya ndani huondolewa. Mtu akitaka kukutumia kwa njia hiyo, mwambie azitume kama dokumenti.

Hatua

1. Piga picha ya saa ya simu. Washa kamera, fungua saa ya simu mpaka sekunde zionekane, kisha ipige picha kwa kamera hiyohiyo. Picha hiyo moja ndiyo rula yako. Ndani yake utasoma saa ya kweli kwa macho, na kwenye faili lake utasoma kile kamera ilichodhani.

   Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Wakigundua saa imekosea, kitu cha kwanza wanakimbilia menyu na kuirekebisha. Ukishafanya hivyo umefuta ushahidi: hutajua tena kamera ilikuwa imepotoka kwa kiasi gani siku ya tukio. Saa sita unaweza kuzikisia, lakini saa ya kamera hukimbia au huchelewa yenyewe kidogokidogo, na dakika hizo hazikisiwi.

2. Toa nakala, kisha tenganisha kamera. Nakili kila kitu kwenye diski ya nje na uitoe. Kwenye kompyuta tengeneza folda moja kwa kila kamera. Mimi niliita ya binamu `KAMERA`, na za simu nikaziweka `SIMU`. Usichanganye, kwa sababu amri itakayofuata itasogeza kila picha itakayoikuta, iliyokosea na isiyokosea. Picha ya saa nayo iingie kwenye folda ya `KAMERA`; niliipa jina `saa.jpg`.

3. Soma tarehe zote zilizomo. Fungua dirisha la amri kwenye mahali folda zilipo, uandike:

   ```
   exiftool -a -G1 -s -time:all KAMERA/saa.jpg
   ```

   Mimi nilipata mistari hii, pamoja na mingine ambayo haikuwa na maana kwa kazi yetu:

   ```
   [System]  FileModifyDate   : 2025:06:16 16:15:04+03:00
   [IFD0]    ModifyDate       : 2025:06:16 16:15:03
   [ExifIFD] DateTimeOriginal : 2025:06:16 16:15:03
   [ExifIFD] CreateDate       : 2025:06:16 16:15:03
   ```

   Mstari wa kuutegemea ni `DateTimeOriginal`, yaani wakati kitufe kilipobonyezwa. Huo wa juu, `FileModifyDate`, ni tarehe ya faili, na unadanganya kwa ustadi: ile `+03:00` haikuandikwa na kamera, imeongezwa na kompyuta kwa kuwa yenyewe iko Tanga. Nimeona watu wakiushika mstari huo na kusema "mbona eneo ni sahihi?" Uache.

4. Angalia kama kuna tofauti ya eneo iliyoandikwa. Tafuta mstari unaoitwa `OffsetTimeOriginal`. Kuna hali tatu, na kila moja ina dawa yake, kwa hiyo usipite haraka.

   Ya kwanza ni kama yangu: mstari huo haupo kabisa. Saa ni maandishi matupu, na utaisogeza kwa tofauti utakayoipima.

   Ya pili: mstari upo, unasema `+09:00`, na saa iliyoandikwa ni ya Japani kweli. Hapo kamera haikukosea. Imesema "ilikuwa saa 16:15 kwa saa za Tokyo", na huo ni wakati uleule wa 10:15 ya Tanga. Programu inayosoma tofauti hiyo itaipanga picha mahali pake. Isiyoisoma itaisukuma mbele saa sita. Ndiyo sababu picha moja inaonekana sawa kwenye albamu ya mtandaoni na kukosea kwenye kompyuta. Hapa utasogeza saa na kubadilisha tofauti, vyote viwili. Ukisogeza saa peke yake, faili litasema 10:15 kwa saa za Tokyo, yaani saa kumi na robo alfajiri kwetu, na umetengeneza kosa jipya.

   Ya tatu ndiyo inayochosha watu: mstari unasema `+09:00`, lakini saa iliyoandikwa ni ya Tanga. Mtu aliisogeza saa kwa mkono bila kubadilisha mji kwenye menyu. Hapa saa hazisogezwi kabisa. Ruka hatua ya 5 na ya 6, nenda moja kwa moja ya 7.

5. Piga hesabu ya tofauti. Nikafungua `saa.jpg` na kuikuza. Simu ilisomeka 10:12:40, yaani saa nne na dakika 12 asubuhi, Jumatatu tarehe 16. Kamera ilikuwa imeandika 16:15:03 siku hiyohiyo. Toa moja kwa nyingine, unapata saa 6, dakika 2 na sekunde 23. Saa sita ni za Japani. Dakika mbili na sekunde 23 ni kukimbia kwa saa ya kamera yenyewe.

   Usizitupe dakika hizo ukisema ni ndogo. Kama una kamera moja tu, hutaona tofauti. Lakini ukichanganya na picha za simu, dakika mbili zinatosha kumfanya bwana harusi avae pete kabla haijatolewa kwenye kisanduku.

   Hesabu hii fanya kwa namba za simu, si kwa saa za Kiswahili. Simu iwe kwenye mtindo wa saa 24 tangu hatua ya 1, ili saa mbili usiku isomeke 20:00 kama kwenye faili la kamera.

6. Sogeza tarehe. Jaribu kwanza kwa picha moja, ile ya saa:

   ```
   exiftool "-AllDates-=0:0:0 6:2:23" KAMERA/saa.jpg
   ```

   Sehemu ya kwanza ni miaka, miezi na siku, ya pili ni saa, dakika na sekunde. Alama ya `-=` inarudisha nyuma. Kama kamera yako ilichelewa, weka `+=`. Neno `AllDates` linagusa mistari mitatu kwa pamoja: `DateTimeOriginal`, `CreateDate` na `ModifyDate`. Soma tena faili kwa amri ya hatua ya 3. Yangu ilirudi 10:12:40, sawa na simu kwenye picha. Yako isiporudi sawasawa, umekosea hesabu au alama.

   Ikikubali, irudishe picha hiyo ilivyokuwa, kisha sogeza folda nzima pamoja nayo:

   ```
   exiftool -restore_original KAMERA/saa.jpg
   exiftool "-AllDates-=0:0:0 6:2:23" -ext jpg KAMERA
   ```

   Nimeweka `-ext jpg` ili video zisiguswe. Kama ulipiga pia mafaili mabichi ya kamera, ongeza `-ext` nyingine yenye kiambishi chake, mfano `-ext nef` au `-ext arw`.

   Amri hii iendeshwe mara moja tu. Haijui kama picha imeshasogezwa. Ukiirudia kwa wasiwasi, picha zitarudi nyuma saa 12 na dakika karibu tano. Ikikutokea usianze kujumlisha. Programu huacha nakala ya awali ya kila faili yenye mwisho wa `_original`, na hurudishwa hivi:

   ```
   exiftool -restore_original KAMERA
   ```

7. Andika tofauti ya eneo. Hata kama kamera haikuiandika, iweke wewe, ili picha isitegemee tena kompyuta iko nchi gani:

   ```
   exiftool -OffsetTime=+03:00 -OffsetTimeOriginal=+03:00 -OffsetTimeDigitized=+03:00 -ext jpg KAMERA
   ```

   Hiyo `+03:00` ni ya Tanzania, Kenya na Uganda. Kama picha zilipigwa Bujumbura, Kigali au Lubumbashi, weka `+02:00`. Muscat na Dubai ni `+04:00`. Kinachoandikwa ni mahali picha ilipopigwa, si mahali unapokaa.

8. Hakiki kwa macho. Chukua picha mbili tatu ambazo unajua zilipigwa lini. Mimi nilichukua ya bibi harusi akiingia ukumbini. Kamera ilikuwa imeiandika Jumapili saa 01:40:50. Baada ya kusogezwa ikawa Jumamosi 19:38:27, saa moja na dakika 38 usiku, na dada yake alikuwa na picha ya simu ya mlango uleule, dakika hiyohiyo. Huna simu ya kulinganisha? Tafuta jua. Picha ya machweo kwenye pwani yetu haiwezi kuwa ya saa sita usiku. Iko kati ya saa kumi na mbili jioni na saa moja.

9. Sasa rekebisha kamera. Fuata mpangilio huu: kwanza mji au ukanda wa saa, kisha zima saa ya majira ya joto, mwisho ndiyo uweke saa. Ukianza na saa, kamera nyingi zitaisogeza tena utakapobadilisha mji. Kwenye orodha tafuta Nairobi. Usipoiona, chagua mji wowote uliowekwa `+3`. Afrika Mashariki hatubadilishi saa kwa majira, kwa hiyo alama ya majira ya joto isibaki imewashwa, la sivyo utakuwa mbele kwa saa moja na hutajua kwa nini. Ukimaliza, chagua mtindo wa saa 24. Mtego wa 8:00 niliousema hapo juu unakufa papo hapo, kwa sababu saa nane mchana sharti isomeke 14:00.

Ikikwama

*Tofauti yangu si saa kamili, ni saa 2 na nusu hivi.* Huenda kamera ilisetiwa India, ambako saa iko mbele ya kwetu kwa saa mbili na dakika 30. Hesabu ni ileile, usiizungushe.

*Kamera yangu iko nyuma kwa saa sita, si mbele.* Hapo Japani haimo. Aghalabu mtu aliiweka saa kwa Kiswahili: ilikuwa saa mbili asubuhi, akaandika 02:00 badala ya 08:00. Tumia `+=`. Ikiwa tofauti ni saa 12, waliochanganywa ni AM na PM.

*Tarehe ni ya miaka mingi nyuma, tena inaanzia Januari.* Huo si ukanda wa saa. Betri ndogo ya ndani inayotunza saa ilikufa, na kamera ikaanza kuhesabu upya. Bado unaweza kuipima kwa picha ya simu, mradi saa hiyo haikuanza upya tena tangu siku ya tukio.

*Nusu ya picha zimekaa sawa, nusu zimerudi nyuma mno.* Kuna mtu alirekebisha saa katikati ya shughuli. Rudisha folda kwa `-restore_original`, kisha zipange kwa namba za mafaili, si kwa tarehe. Mahali ambapo namba inapanda lakini saa inaruka kurudi nyuma, hapo ndipo kitufe kilipobonyezwa. Gawa folda mbili, usogeze ile ya mwanzo tu.

*Sikupiga picha ya simu, na nimeshairekebisha kamera.* Tafuta ndani ya picha zako kitu kinachosema saa: saa ya ukutani, saa ya mkononi ya mgeni, simu iliyoachwa mezani. Au tafuta picha ya simu ya mtu mwingine ya tendo lilelile, kama kukata keki, ulinganishe. Kama kamera yako hushika setilaiti, angalia `GPSTimeStamp`. Hiyo huandikwa kwa saa ya dunia, ongeza tatu upate ya kwetu.

*Nimesogeza, lakini programu ya albamu bado inaonyesha tarehe ya zamani.* Programu za albamu huhifadhi tarehe walizosoma mara ya kwanza. Iambie isome upya taarifa za mafaili, au ziondoe picha kwenye orodha yake uziingize tena. Za mtandaoni futa zile za mwanzo ndipo upakie hizi, vinginevyo utabaki na seti mbili, moja ya Jumamosi na moja ya Jumapili.

*Video je?* Faili la MP4 kwa kanuni yake huandikwa saa ya dunia, lakini kamera nyingi huandika humo saa yao ya ukutani kana kwamba ndiyo ya dunia. Usizitupie amri ya picha. Rekodi video fupi ya saa ya simu, isome kwa amri ya hatua ya 3, upime tofauti yake peke yake. Kwa kamera hiyohiyo inaweza isilingane na ya picha.